Muhtasari wa kifo cha mama: jinsi ya kuuandika bila kumtoa nesi wa zamu kafara

*Shikamoo daktari. Mimi ni daktari wa mafunzo katika hospitali moja huku Lamu. Nimepewa siku nne nitayarishe muhtasari wa kikao cha vifo: mama aliyejifungua salama, kisha akavuja damu mpaka akafariki. Kila nikiuandika unatoka kama hati ya mashtaka ya nesi aliyekuwa zamu. Msimamizi ananiambia "zungumzia mfumo", lakini mfumo ni nini hasa ukiwa kwenye karatasi? Tena naogopa nikiandika mfumo nitaonekana nawaficha watu. Nianzie wapi?*

Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye saa. Kabla hujaandika sentensi hata moja ya maelezo, chukua karatasi tupu, upande wa kushoto uandike saa, na mbele ya kila saa uandike jambo moja lililotokea. Muhtasari unaoegemea watu huanza na vitenzi: nesi hakupima, daktari alichelewa, mtu wa maabara hakupokea simu. Unaoegemea mfumo huanza na nafasi zilizo kati ya saa na saa. Dakika 40 zilipita hapa, dakika 65 pale, na swali linakuwa nini kilizijaza dakika hizo. Ukianza hivyo, nusu ya hofu yako itaondoka yenyewe, kwa sababu nafasi haina jina la mtu, na wala huifichi.

Nitakuonyesha kwa kisa. Si chako. Nimekiunda kutokana na vifo kadhaa vya namna moja ambavyo nimevikalia kikao katika miaka yangu ya wodi ya uzazi hapa Malindi, nikabadilisha saa, umri na mahali ili asitambulike mtu. Chukulia ni hospitali ya kisiwani, kama ulipo wewe.

Mama wa miaka 29, uzazi wa nne, mimba yake haikuwa na matatizo. Mtoto anazaliwa saa 4:10 usiku, kilo 3.9, analia vizuri. Mama anadungwa oksitosini yuniti 10 kwenye msuli, kondo la nyuma linatoka saa 4:18. Saa 4:25 faili linasema: "damu ya wastani, mfuko wa uzazi umekaza." Saa 4:50 limeandikwa: mapigo 112, presha 104/62. Saa 5:05 nesi anampigia simu daktari wa zamu. Daktari anafika saa 5:35, anaukanda mfuko wa uzazi, anaweka dripu yenye oksitosini. Saa 5:40 mpaka 6:05 anapiga simu kutafuta boti na gari la rufaa. Sampuli ya damu inapelekwa maabara saa 6:00. Asidi ya traneksamiki inadungwa saa 6:40. Chupa ya kwanza ya damu inatundikwa saa 7:50. Saa 8:15 mama anaingizwa chumba cha upasuaji, na saa 9:05 anafariki.

Hapo kuna mtego ambao wengi hawauoni. Faili limeandikwa 22:50, jamaa wanasema saa nne na dakika hamsini, na mlinzi wa lango ameandika kwenye daftari lake kwa mtindo anaoujua yeye. Nimeona wasilisho zima likiharibika kwa sababu mtu alibadilisha saa moja akasahau nyingine, mama akaonekana amepewa damu kabla hajajifungua. Kwenye slaidi tumia mtindo wa faili tu, halafu zunguka ulinganishe saa za ukutani na simu yako. Saa ya leba ikiwa mbele ya ile ya chumba cha upasuaji kwa dakika nane, liandike hilo chini ya ratiba na urekebishe. Dakika nane katika kifo cha namna hii ni nyingi.

Sasa soma tena ile ratiba. Kwa kuisoma juu juu, kosa liko saa 4:50. Mapigo 112, presha 104. Gawanya mapigo kwa presha ya juu: unapata 1.08. Kwa mama aliyetoka kujifungua, ikifika 0.9 tunaanza kuwa na wasiwasi. Kwa hiyo namba ya hatari ilikuwa imeshaandikwa kwenye faili, kwa mkono wa nesi mwenyewe, na dakika 15 nzima zikapita kabla hajaita mtu. Kikao cha kawaida kingesimama hapo, kikaandika "nesi hakutambua dalili za hatari, apelekwe mafunzo," chai ikaletwa.

Usisimame hapo. Faili ni shahidi mmoja tu, tena shahidi aliyeandika akiwa na haraka. Kuna vitabu vingine vitatu vya kufungua: rejista ya vizazi, karatasi ya joto la friji ya dawa, na daftari la mlinzi. Katika kisa hiki rejista ya vizazi ndiyo iliyozungumza. Saa 4:58, kitanda cha pili, mtoto mwingine amezaliwa, saini ya nesi yule yule. Maana yake saa 4:50 kichwa cha mtoto wa pili kilikuwa kimeshaonekana. Nesi alikuwa mmoja, akina mama walikuwa sita. Alipima, akaandika, akageuka kumpokea mtoto ambaye hangeweza kumngoja. Yeyote kati yetu angegeuka.

Hicho ndicho kipimo ninachotaka ukitumie kwa kila tendo kwenye ratiba yako: mwondoe aliyekuwepo, umweke mwingine mwenye mafunzo yale yale, usiku ule ule, wodi ile ile, akijua yale tu yaliyojulikana dakika ile. Je, angefanya tofauti? Akifanya vile vile, basi unatazama mfumo. Na ukitaka kujua alichokuwa anakijua, lazima umuulize, faragha, kabla ya kikao. Usimwulize "kwa nini hukuita?" Swali hilo lina hukumu ndani yake, na atajitetea. Mwambie, "Nipeleke mpaka pale saa 4:50. Ulikuwa umesimama wapi? Ulikuwa unaona nini? Ulidhani nini kinaendelea?" Ukiuliza hivyo utaambiwa habari za kitanda cha pili. Utaambiwa pia kuhusu leso.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo akina mama wanapopotelea.

Wodi nyingi za pwani hupokea damu ya uzazi kwa leso. Mama huja na leso zake kuukuu, hutandikwa chini yake, ikilowa hukunjwa ikatupwa kwenye ndoo, ikatandikwa nyingine. Leso ni pamba, inanyonya, na maua yake yanaficha. Leso nyekundu na nyeusi ikilowa damu, kwa mwanga wa taa moja, inaonekana leso imelowa tu. Kwa hiyo pale nesi alipoandika "wastani" hakusema uongo. Aliandika alichokiona, na alichokiona kilikuwa kimefichwa na kitambaa. Mama mkwe wa marehemu, alipoulizwa baada ya mazishi na mtu mwenye adabu, alisema aliingia kuleta chai mtoto alipokuwa na nusu saa, yaani saa 4:40, akaikuta leso ya tatu imelowa. Alishtuka, lakini akajiambia wenyewe wauguzi wanajua. Basi dakika kumi kabla ya namba mbaya kuandikwa, mtu mmoja chumbani alikuwa ameshaona hatari, na wodi ile haikuwa imempa njia ya kuisema. Habari hiyo haimo kwenye faili lolote. Ndiyo maana nasisitiza jamaa wahojiwe, na wahojiwe kwa ajili ya kujua, si kwa ajili ya kuwatuliza.

Kwamba macho hukadiria damu pungufu si jambo la Lamu peke yake. Katika utafiti wa E-MOTIVE, uliotangazwa mwaka 2023 na kufanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, hospitali zilizokadiria kwa macho zilitambua karibu nusu tu ya akina mama waliovuja damu nyingi. Zile zilizotandika shuka ya plastiki yenye mfuko na mistari ya vipimo zilitambua zaidi ya tisa kati ya kumi, na pale utambuzi ulipofungamanishwa na matibabu yote kwa mkupuo mmoja, uvujaji mkali na madhara yake makubwa ulipungua kwa asilimia 60. Wauguzi wa makundi yote mawili walikuwa na mafunzo ya ukunga. Kikubwa kilichotofautiana ni kitu kilichotandikwa chini ya mama, na amri iliyofungwa kwenye mstari: mililita 500, au 300 na dalili nyingine mbaya, anza matibabu bila kumsubiri mtu.

Kama unataka kikao kikuamini, usiwasomee takwimu hizo. Nenda na leso moja na chupa ya maji mililita 500 uliyotia rangi ya sharubati. Imwagie leso mbele yao kabla hujasema lolote, kisha waombe waandike makadirio yao kwenye karatasi, madaktari wakubwa wakiwemo. Mimi nimefanya hivyo. Wengi waliandika 200 au 250. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena kwa nini nesi aliandika "wastani".

Nafasi ya pili ni kutoka 5:35 daktari alipofika mpaka 6:40 dawa ya kugandisha damu ilipoingia mshipani. Dakika 65. Dawa yenyewe ni asidi ya traneksamiki, gramu 1, inadungwa taratibu kwa dakika 10. Ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua hupunguza vifo vya kuvuja damu kwa takriban theluthi, lakini hiyo "ndani ya saa tatu" isikupumbaze. Kila dakika 15 zinazopita hula takriban asilimia 10 ya faida yake. Mama huyu aliipata saa mbili na nusu baada ya kujifungua. Ukiandika "ilitolewa ndani ya muda unaokubalika" utakuwa umesema kweli na utakuwa umewapotosha wasikilizaji.

Dakika 65 zilijazwa na nini? Dawa ilikuwepo hospitalini. Ilikuwa duka la dawa, ng'ambo ya ua, na duka hufungwa saa 11 jioni. Ufunguo hukaa kwa msimamizi wa zamu, ambaye usiku huo alikuwa wodi ya watoto, na yeye ndiye aliyekuwa pia akimsaidia daktari kutafuta boti. Hapo utaona dakika 25 za rufaa zinaingia ndani ya dakika 65 za dawa. Daktari alidhani anafanya mambo mawili kwa pamoja. Kumbe alikuwa na mkono mmoja wa kutuma. Na ile rufaa yenyewe, tukiitazama kwa utulivu, haikuwezekana tangu mwanzo. Maji yalikuwa yamekupwa, boti kubwa isingekaribia gati, na baada ya kuvuka mpaka Mokowe kuna safari ya saa kadhaa ya barabara kuja Malindi, barabara ambayo usiku ina masharti yake ya usalama. Mama anayevuja damu kwa kasi ile hafiki. Lakini nani alikuwa amemwambia hivyo daktari kijana kabla ya usiku ule? Palikuwa na karatasi ukutani inayosema: mama wa namna hii hatumsafirishi, tunamtibu hapa, na anayeamua ni fulani? Haikuwepo. Alilazimika kuligundua hilo kwa simu, moja baada ya nyingine, damu ikitoka. (Jedwali la maji kupwa na kujaa liko kwa kila nahodha wa Lamu. Sijaliona hata mara moja limebandikwa kwenye wodi.)

Nafasi ya tatu, ya damu, nitaipita haraka kwa sababu utaielewa mara moja. Sampuli saa 6:00, chupa saa 7:50. Fundi wa maabara alikuwa wa zamu akiwa nyumbani, simu yake imezimika, mlinzi akamfuata kwa miguu vichochoroni, akafika saa 6:55. Mafundi wa usiku ni wawili kwa mwezi mzima, na huo ulikuwa usiku wake wa tatu mfululizo. Ufunguo wa friji ya damu ulikuwa mmoja, na ulikuwa mfukoni mwake. Ndani mlikuwa na chupa mbili za kundi O. Ikiwa hospitali ina chupa mbili za dharura na ufunguo uko mtaa mwingine, basi kuanzia magharibi haina chupa hata moja, na hivyo ndivyo nitakavyotaka uandike.

Sasa kuhusu jambo usilolijua. Friji ya oksitosini inatakiwa iwe kati ya nyuzi 2 na 8. Karatasi ya joto iliyobandikwa mlangoni ilikuwa na nafasi tupu za siku nne, na katikati ya siku hizo umeme ulikatika tangu alasiri mpaka usiku. Mama alipewa oksitosini mara mbili na mfuko wake ukalegea. Kishawishi ni kuandika kwamba dawa ilikuwa imeharibika. Huna ushahidi huo. Andika hivi: "Hatujui kama dawa ilikuwa imepoteza nguvu, na hospitali haikuwa na njia ya kujua." Sentensi hiyo ni nzito kuliko tuhuma, na hakuna atakayeweza kuipinga. Vivyo hivyo na neno lenyewe "kingeweza kuepukika". Halimaanishi kwamba una hakika angepona. Linamaanisha kwamba palikuwa na tiba inayojulikana, iliyokuwemo ndani ya uwezo wa hospitali hii, na haikumfikia kwa wakati. Lieleze hivyo kwenye slaidi ya kwanza, la sivyo kikao kitamaliza nusu saa kikibishana kuhusu majaliwa.

Umeuliza kuhusu kuwaficha watu. Kama katika maswali yako utakutana na jambo ambalo halipiti ule mtihani wa kumweka mwingine, mtu aliyekuja zamu amelewa, aliyeibadilisha rekodi baadaye, aliyeona hatari akaondoka kwa makusudi, hilo halimalizwi kwenye kikao cha vifo wala halinyamaziwi. Lina njia yake kwa msimamizi na kwa bodi ya taaluma husika, na wewe unampelekea mwenyekiti kabla ya siku ya kikao. Kwa uzoefu wangu ni nadra. Mara nyingi zaidi unakutana na simu iliyoishiwa chaji na mtu aliyechoka. Lakini usiiondoe ile simu iliyozimika kwenye ratiba kwa kumhurumia fundi. Iandike: "Saa 6:05, simu ya maabara haikupatikana, hapakuwa na namba ya pili." Ukweli umebaki wote, na umeelekea mahali ambapo unaweza kurekebishwa.

Tena kumbuka uko Lamu. Kufuta jina hakutoshi katika mji ambao kila mtu anajua nani alikuwa zamu usiku wa kuamkia Ijumaa. Ondoa tarehe, namba ya faili, mtaa wa mama, kazi ya mumewe. Andika "zamu ya usiku", usiandike "nesi". Kopi za muhtasari zihesabiwe zikitolewa na zihesabiwe zikirudi, na picha ya slaidi isiingie kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi. Miongozo ya Kenya ya kufuatilia vifo vya akina mama inataka kifo kiarifiwe ndani ya saa 24 na kikao kikae ndani ya siku 7, kwa hiyo haraka unayoihisi si ya msimamizi wako tu. Ni haki kabisa, kwani baada ya wiki mbili kila mtu anakumbuka anachotaka kukumbuka.

Mapendekezo ndiyo sehemu inayoharibika zaidi, kwa hiyo sikiliza. Pendekezo lolote linaloanza na "wafanyakazi wakumbushwe" au "mafunzo yafanyike" lifute kwanza, uone kinachobaki. Si kwamba mafunzo ni mabaya, ila hayakai: nesi aliyefundishwa Januari amehamishwa Juni. Jiulize hivi: je, pendekezo langu litafanya kazi usiku wenye nesi mmoja, umeme umekatika, daktari mgeni wa wiki moja? Ikiwa linategemea mtu akumbuke, halitafanya. Katika kisa hiki ningeandika matatu tu. La kwanza, shuka ya vipimo inatandikwa chini ya kila mama mara tu mtoto anapotoka, na mstari wa 300 na wa 500 una maneno ya kuchukua hatua. Shuka zikiisha, leso na pamba zinapimwa kwenye mizani ya watoto, unatoa uzito wake zikiwa kavu, kila gramu moja ukaihesabu mililita moja. Mizani ya watoto ipo kwenye kila leba. La pili, sanduku la kuvuja damu linalokaa ndani ya leba, limefungwa kwa kifungio cha plastiki kinachokatwa kwa mkono: traneksamiki, sindano kubwa za mshipa, dripu, misoprostoli, katheta na kondomu ya kutengenezea puto, pamoja na karatasi ya ukurasa mmoja inayosema pia mama gani hasafirishwi. Zamu ya asubuhi inatazama kifungio tu. Kikiwa kizima, kila kitu kimo. Oksitosini yenyewe haikai humo, inabaki kwenye friji ya wodi. La tatu, ufunguo wa pili wa friji ya damu unaokaa hospitalini usiku, pamoja na fomu inayomruhusu daktari kutoa chupa mbili za dharura kabla ya kulinganishwa, kwa saini yake. Usikubali mtu apendekeze damu ihamishiwe friji ya dawa ya leba. Damu inataka joto lake na friji yake.

Kila pendekezo liwe na cheo cha mwenye kulibeba, na tarehe. "Uongozi" si cheo. "Mfamasia mkuu, kabla ya tarehe 30" ni cheo na tarehe. Na pimeni kwa dakika, msipime kwa vifo. Katika hospitali ndogo vifo vya akina mama ni vichache kwa mwaka, hivyo mwaka usio na kifo hauwezi kukuambia kama mmetengeneza kitu au mmepata bahati. Lakini akina mama wanaovuja damu na kupona wapo kila mwezi. Kwa kila mmoja wao andikeni kwenye rejista: dakika ngapi kutoka mstari wa 500 mpaka traneksamiki kuingia. Na mara moja kwa robo mwaka fanyeni jaribio saa 8 usiku, bila kuwatangazia, mtu apige kelele leba na mwingine ashike saa.

Ukishapata hayo, muhtasari wenyewe ni mfupi. Ukurasa mmoja, slaidi nne: mama na ratiba, nafasi tatu, yaliyozijaza, mapendekezo. Nitakuandikia aya ya katikati jinsi ambavyo ningeisoma mimi:

"Mama alijifungua 22:10. Hatari ilionekana kwa jamaa 22:40, ikaandikwa kwenye faili 22:50, ikaitiwa msaada 23:05. Katika dakika hizo 25 zamu ya usiku ilikuwa na mhudumu mmoja kwa akina mama sita, na mtoto wa pili alizaliwa 22:58. Damu ilikuwa inapokelewa kwa leso na kukadiriwa kwa macho. Karatasi ya vipimo haina mstari wa hatari. Jamaa hawana njia ya kuita. Traneksamiki ilihitajika 23:35 na ikapatikana 00:40, kwa sababu ilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa na mwenye ufunguo alikuwa anatafuta boti. Damu ilihitajika 00:00 na ikapatikana 01:50, kwa sababu friji ina ufunguo mmoja na usiku ufunguo haulali hospitalini. Hali ya oksitosini haijulikani. Joto la friji halikuandikwa kwa siku nne."

Soma aya hiyo umtafute nesi ndani yake. Hayumo, na hakuna kilichofichwa.

Jambo la mwisho ni la siku yenyewe. Mwombe mwenyekiti asianze kwa kuuliza mshauri mkuu, kwani akishasema yeye, wadogo watanyamaza. Aanze na zamu ya usiku, kisha mlinzi wa lango ikiwa amekubali kuja, kisha maabara. Na jioni ya kuamkia kikao, ukurasa wako ukiwa tayari, mpelekee nesi yule nyumbani au mkutane mahali penye utulivu, aone kila mstari kabla ya mtu mwingine yeyote. Mpe kalamu. Akikuambia "hapa si hivyo, wakati huo nilikuwa nimeshamtuma mlinzi," kaa chini mrekebishe saa pamoja, hata kama itabidi uchape upya usiku huo huo.